Kitabu cha Kumuaga Mama Masijala

Ofisini kwetu Tanga mtu akistaafu hupewa kitu kizito. Dereva wetu alipewa mabati, mhasibu akapewa friji, na mzee wa stoo, ambaye alikuwa anamalizia nyumba, alibebewa mifuko ya saruji mpaka Muheza. Ni desturi nzuri na sina neno nayo. Lakini mwaka jana aliyefikisha miaka 60 alikuwa Mama Masijala, na yeye alituwahi. Kikao cha kwanza cha kamati hakijakaa, akaniita mezani kwake akaniambia kwa sauti yake ile ya chini: "Mwanangu, nyumba ninayo, friji ninayo, na watoto wamenijazia vyombo mpaka sina pa kuviweka. Mkitaka kunipa kitu, nipeni kitabu. Sasa nitakuwa na asubuhi zangu."

Mimi ndiye niliyekuwa katibu wa kamati, na nilidhani kazi imerahisishwa. Michango ilikuwa shilingi 10,000 kwa kichwa, tulikuwa watu 23, na baada ya kutoa hela ya chakula na doti mbili za khanga tulibaki na kama 120,000 za kitabu. Kila mtu ofisini alijua anachopenda: bustani yake, na ile saa ya asubuhi kabla watu hawajaanza kusema. Kitabu cha bustani basi, tukasema. Ilituchukua zaidi ya wiki tatu kuelewa kwamba tulikuwa tumekosea tangu hapo.

Nianze na mwenyewe. Alikaa masijala miaka 34. Faili likipotea mahali popote jengoni, alikuwa anafumba macho kidogo halafu anataja kabati na rafu. Nyumbani kwake, nje kidogo ya mji, uzio umefunikwa na asumini, mrehani umepandwa kwenye makopo ya rangi, pana mstari wa mishubiri mbele ya baraza, na kwenye kona kuna mkilua wa zamani aliourithi kwa mama mkwe wake. Huo mkilua ndio fahari yake. Vilua vikichanua jirani wote wanajua, na mwenye harusi huja kuomba vya kutia kwenye kikuba. Aliwahi kunieleza kwa furaha kwamba wataalamu wa mimea wameuandika mti huo kwa jina letu hili hili: kwa Kilatini unaitwa Mkilua fragrans. Alifurahi kama mtu aliyesikia jina la ukoo wake likisomwa redioni.

Kuhusu asubuhi, mpangilio wake haukubadilika. Anaswali alfajiri, anachemsha chai ya tangawizi, anakaa barazani mpaka saa moja kasoro robo. Katika muda huo hata binti yake hamsemeshi.

Kitabu cha kwanza alikileta mwenzetu aliyekwenda Dar kikazi. Alitutumia picha ya jalada kwenye simu: kinene, jalada gumu, waridi jekundu mbele, kimechapishwa Uingereza, shilingi 95,000. Kamati nzima iliridhika papo hapo. Mimi nilimwomba apige picha kurasa tatu za ndani, zile zenye maandishi, kwa sababu picha za waridi hazimwambii mtu kitu zaidi ya kwamba waridi ni zuri. Alizituma, na hapo tukaanza kusoma kwa makini.

Kitabu kilipangwa kwa miezi. Januari ardhi imeganda, pumzika. Machi, baridi ikikatika, otesha mbegu ndani ya nyumba kwenye dirisha. Waridi na mimea inayopenda joto iweke kwenye ukuta unaotazama kusini. Kila sentensi ilikuwa sahihi, huko ilikoandikiwa. Uingereza iko mbali sana kaskazini, jua la mchana hukaa upande wa kusini mwaka mzima, kwa hiyo ukuta unaotazama kusini ndio unaoota jua. Tanga iko kama nyuzi 5 tu kusini mwa Ikweta. Hapa mwezi Juni jua la saa sita mchana limeegemea kaskazini, Desemba limehamia kusini, na mara mbili kwa mwaka linapita utosini kabisa. Mtu wa Tanga akifuata ushauri ule, waridi lake litakaa kivulini Juni na Julai, miezi ambayo lingehitaji jua likauke unyevu wa masika.

Haikuishia kwenye kuta. Tulipu, zilizojaza kurasa nyingi za mwanzo, zinataka wiki 12 au zaidi za baridi kali udongoni ndipo zitoe maua. Vitunguu vya aina walizozitaja hungoja mchana mrefu wa saa 14 hadi 16 ndipo vianze kufunga kichwa, na mchana wetu haupiti saa 12 na nusu hata siku ile iliyo ndefu kuliko zote. Ukivipanda hapa utapata majani mazuri tu. Mvua zetu za vuli na masika hazikuwa na mahali katika mpangilio ule. Mama Masijala ambaye anajua kwa pua siku ya kuhamisha miche ya mrehani angekaa barazani kwake asubuhi, miaka 60, akisoma kitabu kinachozungumza kana kwamba mahali alipo hapapo.

Hilo ndilo jambo la kwanza la kuangalia kwa kila kitabu cha bustani kinachotoka mbali, na halihitaji utaalamu. Fungua mwezi wowote uone kimesema nini kuhusu mvua. Kama mvua haikutajwa ila baridi imetajwa kila ukurasa, ni cha watu wengine.

Basi tukahamia kwenye Kiswahili. Mwenzetu wa utumishi, ambaye anapenda fasihi, alipendekeza tawasifu ya Shaaban Robert, Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini. Nakiri hoja yake ilinigusa. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, hapa hapa Tanga, mwaka 1909, na riziki yake aliipata kwa ukarani wa serikali: forodha, idara ya mifugo, ofisi ya wilaya, upimaji ardhi. Karani wa Tanga anayestaafu kupewa maisha ya karani wa Tanga, na kitabu chenyewe chembamba, sura fupi fupi, maandishi yanayosomeka bila haraka. Bei yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba tungebakiwa na hela.

Wasiwasi wangu ulikuwa mmoja. Ndani yake mna maombolezo ya mkewe, lile shairi la "Amina", na Mama Masijala alifiwa na mumewe miaka sita iliyopita. Sikusema kwamba mjane asipewe kitabu chenye msiba. Nilisema tusimpe bila kujua kwamba tunampa. Kwa hiyo kabla ya kununua nilimpigia binti yake.

Binti alicheka kidogo. "Kaka, hicho anacho. Amekivalisha karatasi ya kaki tangu mimi niko shule ya msingi, na hilo shairi analisema bila kuangalia. Baba alipofariki alilisoma sana."

Ninashukuru hadi leo kwamba simu ile niliipiga. Mtu anayependa kusoma, kile unachofikiri kitamfaa zaidi kwa kawaida amekwisha kukinunua mwenyewe, zamani, kwa hela ya shida. Na huwezi kujua hilo kwa kumtazama ofisini. Lazima umuulize anayeishi naye, na umuulize kuna vitabu gani kwenye rafu, siyo anapenda vitabu gani. Kwa swali la pili binti angejibu "vya Shaaban Robert", nasi tungekinunua kwa furaha.

Kilifuata kile ambacho nusura tukichukue. Bwana shamba mmoja mstaafu alinionyesha nakala yake ya Useful Trees and Shrubs for Tanzania, kilichotoka mwaka 1994, kazi ya Mbuya na wenzake wanne. Kina mchoro wa kila mti kwa wino mweusi, halafu mti unaota wapi, unatumika kwa nini, mbegu zake zinatayarishwaje na kuhifadhiwaje, na jina lake kwa Kiswahili na kwa lugha za makabila. Kinazungumzia ardhi yetu na mvua yetu. Kama Mama angekuwa anastaafu kurudi shamba, mathalani Lushoto, akiwa na ekari mbili za kupanda miti, nisingetafuta kingine. Ila yeye alibaki mjini na kiwanja cha hatua thelathini kwa ishirini, mti wake mkubwa ulikuwa mkilua, na nafasi ya kupanda mwingine hana. Tena madukani hatukukipata kipya. Na nakala ya bwana shamba, yenye jina lake na jasho lake, sikuthubutu hata kumwomba.

Kufikia hapo zilikuwa zimepita wiki tatu na sherehe ilikuwa imepangiwa siku. Nikaamua kuacha maduka kwanza, nikaenda kwake Jumamosi asubuhi.

Nilifika saa kumi na mbili na nusu, mapema kuliko adabu inavyoruhusu, lakini nilikuwa nimeomba ruhusa kwa binti. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu. Kaa hapo, usiseme kwanza." Nikakaa. Mwanga ulikuwa bado wa kijivu. Alikuwa na kikombe mkono wa kulia, miwani ya kusomea imening'inia kifuani, na kwenye meza ndogo hapakuwa na kitu isipokuwa sahani ya kuwekea kikombe. Mishubiri ilikuwa imetoa maua yake ya rangi ya chungwa. Baada ya muda akaja ndege mdogo kuliko dole gumba na kiganja chake, mweusi mwenye kung'aa kijani jua lilipomgusa, akatia mdomo wake uliopinda ndani ya ua.

Mama akaninong'oneza: "Huyu huja kila siku. Jina lake silijui. Najua ni chozi, lakini chozi wako wengi. Kuna mwingine hapa ana tumbo la njano, na kuna wale wa rangi ya vumbi. Miaka yote hii natamani mtu aniambie yupi ni yupi."

Nilikumbuka dirisha la masijala. Kwa miaka niliyofanya naye kazi kulikuwa na kifuniko cha ndoo pale nje kwenye zege, na kila asubuhi alikitia maji. Sisi tulidhani anatunza chungu cha maua kilichokuwa pembeni. Yalikuwa maji ya ndege. Na lawama pekee niliyowahi kumsikia akiitoa kuhusu kiumbe yeyote ni dhidi ya kunguru wale wenye shingo ya kijivu, walioletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890 na sasa wamejaa pwani nzima wakila mayai ya ndege wenzao. Ushahidi ulikuwa mbele yetu wote, nasi tulikuwa tunatafuta kitabu cha mbolea.

Kuhusu bustani, Mama hakuwa na swali. Miaka thelathini ya mikono udongoni ilikwisha kumjibu. Swali lake lilikuwa juu ya wageni wanaoingia bustanini saa ile, na alikuwa amelitamka kwa kinywa chake.

Kitabu cha ndege wa huku kinachojulikana zaidi ni Birds of East Africa cha Terry Stevenson na John Fanshawe, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 2002 na kusahihishwa upya mwaka 2020. Kinachukua Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi pamoja. Ukikifungua, upande mmoja pana picha za rangi zilizochorwa kwa mkono, upande wa pili maelezo na ramani ndogo ya kila ndege anapopatikana. Kina sifa moja ambayo kwa asubuhi ni kubwa: hakina mwanzo. Unaweza kufungua katikati, ukatazama dakika tano, ukafunga, na hujapoteza uzi wowote. Riwaya ukiiacha wiki moja inakulaumu, hiki hakijali.

Hata hivyo sikukimbilia kulipa. Kilikuwa na matatizo matatu ya kweli. Kiko kwa Kiingereza, tena kile cha mkato, na Mama husoma Kiingereza cha barua za ofisi tu, hakipendi. Maandishi yake ni madogo. Na kina ndege zaidi ya 1,300 katika kurasa zaidi ya 600, hali bustani yake inatembelewa na pengine ishirini au thelathini. Ukimpa mtu anayeanza kitabu kama hicho jinsi kilivyo, atakifungua siku ya kwanza, ataona kurasa kadhaa zimejaa vichozi vinavyofanana, na atakirudisha mezani kwa heshima.

Tatizo la maandishi nililipima badala ya kulikisia. Nilikiazima kitabu kwa mtu mmoja, nikamwomba mhasibu msaidizi, ambaye ana miaka 58 na miwani ya kusomea, tukae uani kwangu tangu mapambazuko. Saa kumi na mbili na dakika arobaini aliziona picha vizuri na kuzitofautisha. Maelezo hakuweza kuyasoma mpaka saa moja na dakika kumi hivi. Nilifurahi, kwa sababu ndivyo atakavyokitumia: kwanza macho yako kwa ndege, kisha picha, na kusoma kunakuja jua likishapanda. Kama ingekuwa picha nazo hazionekani, ningekiacha hapo hapo.

Tulikijaribu pia mezani. Nilikifungua katikati nikaachia mikono yote miwili. Mtu mwenye kikombe hana mkono wa kushikilia kitabu, na kitabu kinachojifunga chenyewe huishia kabatini. Ukitaka kujua mapema, kitazame kwa juu, pale kwenye mgongo. Ukiona vitita vidogo vidogo vilivyokunjwa, kimeshonwa, kitalala wazi. Ukiona kurasa zimekatwa sawasawa na kuzamishwa kwenye gundi, kitakaza, na ukikilazimisha mgongo utapasuka na kurasa zitaanza kutoka. Hiki kilikaa wazi bila kubishana. Jalada laini lililopakwa plastiki nalo lilinifaa kuliko gumu la kitambaa, maana kwa unyevu wa pwani kitambaa hushika ukungu na mende hupenda ile gundi ya wanga iliyo chini yake.

Yaliyobaki, Kiingereza na wingi wa ndege, tuliyatatua kwa mikono yetu, na hapo ndipo kitabu kilipogeuka kuwa zawadi. Wazo lilitoka kwa mlinzi wetu, mzee wa Pangani ambaye huwataja ndege kwa milio yao. "Mtieni alama wale wa mjini tu," alisema. "Wengine atawafikia mwenyewe."

Tulikaa naye asubuhi mbili chini ya mwarobaini wa ofisi, yeye akitaja na mimi nikitafuta picha. Majina yetu ya Kiswahili yana ugumu wake, kwa sababu jina moja mara nyingi linabeba ndege wengi. Tetere ni jina la njiwa wadogo wa aina zaidi ya moja, mnana vivyo hivyo, na chozi ni kundi zima. Kwa chozi tulifanya hivi. Tulianza na kurasa zao zote, tukaangalia ramani na kuwaondoa wote ambao rangi ya ramani haikugusa pwani ya Tanga. Hapo peke yake waliondoka wengi, wale wa milima mirefu na wa upande wa ziwa. Kisha nikasoma mstari wa makazi nikaondoa wa ndani ya misitu minene. Wakabaki wachache wa kuhesabika kwa vidole vya mkono, na kati yao mwenye tumbo la njano alijitokeza haraka: shingo ya kijani, kifua cha njano, mdomo mfupi. Yule mweusi mwenye kung'aa tulimpata kwa ukanda wa zambarau kifuani, ambao nilikuwa nimeuona barazani jua lilipompiga.

Tulifikisha ndege 24. Kwa kila mmoja tulikata kipande chembamba kutoka kwenye majalada ya manila yaliyochakaa, yale yale ya rangi ya mchanga ambayo Mama ameyashika miaka 34, tukaandika jina la Kiswahili kwa herufi kubwa, kwa penseli. Wino ungepenya karatasi ya picha, na penseli mwenye kitabu akitaka hufuta. Selotepu tuliikataa, huwa ya njano na hutoka na ukurasa. Vikaratasi vya kunata vinadondoka baada ya mwezi katika hewa yetu. Tulitia tone dogo la gundi nyeupe kwenye ncha, karibu na mshono, kipande kikachomoza juu ya kitabu kwa upana wa ukucha. Kikifungwa, kilionekana kama faili lenye vitambulisho, na wenzetu wa masijala walipokiona hivyo walinyamaza kidogo.

Kabla ya hayo yote nilikigeuza kitabu chetu kipya ukurasa kwa ukurasa pale pale dukani. Wenye duka hawapendi, lakini vitabu vya picha nyingi huweza kutoka kiwandani na kitita kilichorudiwa au kilichowekwa kichwa chini, na ukigundua baada ya kuandika jina la mtu hutarudishiwa.

Ukurasa wa mbele ulituletea ubishi mrefu kuliko kitabu chenyewe. Bosi alitaka iandikwe barua fupi ya shukrani na chini yake mhuri wa ofisi, kwa nia njema kabisa. Nilimwomba kwa heshima tusitie mhuri. Mama Masijala ametumia maisha yake kuhakikisha kwamba chenye mhuri kinarudi kabatini. Kitabu chenye mhuri kingekaa kwake kama mali ya serikali iliyoazimwa. Bosi alitafakari akakubali. Tuliandika mstari mmoja tu, "Kwa mama yetu, kwa asubuhi zako," na sahihi za watu 23 tukazipeleka ukurasa wa mwisho, ambako hazimsumbui anayetaka kutazama ndege.

Lilibaki suala la kukabidhi. Katika sherehe zetu zawadi hutangazwa kwa kipaza sauti na kubebwa juu kwa ngoma. Kitabu kimoja kikipita ukumbini namna hiyo baada ya watu kuzoea mafriji, wageni wataona ubahili, na aibu itamshukia mstaafu, siyo kamati. Kwa hiyo jukwaani alipewa khanga na bahasha ya michango ya familia na majirani. Kitabu tulimpa siku yake ya mwisho kazini, saa moja na nusu, tukiwa watu wanne tu masijala, kabla simu hazijaanza kulia. Alivaa miwani, akapitisha kidole kwenye vile vipande vya manila kimoja kimoja kama anavyofanya kwenye droo, akavuta kilichoandikwa CHOZI. Hakusema neno. Akakaa.

Miezi mitatu baadaye nilipita kumjulia hali, mapema vilevile. Kitabu kilikuwa mezani barazani, kimefunguka chenyewe kwenye kurasa za vichozi, na kona ya chini ilikuwa na duara la kikombe cha chai. Vipande vya manila vilikuwa vimeongezeka, nilihesabu 31, saba vikiwa kwa mwandiko wake wa masijala ulionyooka. Viwili vya mlinzi alikuwa amevifuta majina na kuandika mengine. Kwao, aliniambia, ndege wale huitwa hivyo, na mzee wa Pangani ana haki na Pangani yake.

Halafu akanionyesha kosa letu. Wale wa rangi ya vumbi, ambao sisi tulikuwa tumewatafutia ukurasa wao wa peke yao na kuwapa kipande chao, hawakuwa ndege wengine. Alikuwa amewaangalia wiki nzima wakijenga kiota kwenye tawi la mkilua, kiota kinachoning'inia kama mfuko, mmoja wa vumbi ndiye mbeba nyuzi na yule mweusi anayeng'aa akikaa karibu na kuimba. Akarudi kwenye picha, akaona kwamba pembeni ya dume wamechora na jike, mdogo, kahawia, mwenye michirizi kifuani, ambaye mimi na mlinzi tulimpita kwa haraka ya kutafuta rangi.

Kipande chetu cha kosa alikuwa amekibandua kwa uangalifu bila kuuchana ukurasa. Alikipeleka kwenye ukurasa wa yule mweusi, akakibandika sambamba na kile cha kwanza, na juu yake, kwa penseli, akaandika: MKEWE.